Kosa Namba Kumi na Nne

Persis Nyaboke alikuwa na miaka ishirini na minne alipoitwa kufundisha Kiingereza katika kozi ya likizo, Agosti ya mwaka 1966. Kozi yenyewe ilifanyika katika shule moja ya bweni iliyo juu ya mji wa Kisii, wanafunzi wakiwa wamekwenda makwao. Walioijia walikuwa walimu wasio na cheti. Baada ya uhuru shule zilikuwa zimechipuka kila kilima, nyingi kuliko walimu waliokuwapo, basi yeyote aliyefika darasa la nane akapewa chaki akaambiwa afundishe. Sasa serikali ilitaka watu hao wafundishe kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Atakayefaulu mtihani wa mwisho wa wiki tatu angebaki kazini. Atakayeshindwa angerudi kulima.

Mkuu wa kozi alikuwa Bwana Machogu. Alikuwa amekaa Uingereza mwaka mzima, na mwaka huo haukumtoka mdomoni. Alipenda usafi wa lugha kama wengine wanavyopenda usafi wa nyumba. Sheria yake ya kwanza, aliyoibandika langoni kwa herufi kubwa, ilisema kwamba ndani ya ua ule hapatasemwa wala kuandikwa lugha nyingine ila Kiingereza. Walimu wazima wenye wake na watoto walikaa kimya mezani kwa kukosa neno la kuombea chumvi. Kutoka nje kuliruhusiwa Jumamosi alasiri tu. Barua na ujumbe vilipitia ofisini, na kila jioni saa kumi vikagawiwa, baada ya Bwana Machogu kuvipitia.

Persis hakuipenda sheria ile, lakini hakuipinga. Alikuwa ndiye mwanamke pekee kati ya wakufunzi, na kazi hii ilikuwa imempandisha ghafla juu ya wenzake wa chuo. Tena, seng'enge ile ya lugha haikumchoma yeye. Kiingereza chake kilikuwa kizuri.

Kati ya wanafunzi wake kulikuwa na mtu mmoja aitwaye Onchiri, kutoka upande wa Ikonge, aliyefundisha darasa la pili. Alikuwa mrefu, mpole, na koti lake lilikuwa limepauka mabegani. Alijitahidi kuliko wote na kukosea kuliko wote. Jambo lililomtesa hasa lilikuwa maneno mawili madogo, "for" na "since". Aliandika "since three days", aliandika "for Monday", na kila daftari lake liliporudi na wino mwekundu alilitazama kama mtu anayetazama shamba lililopigwa na mvua ya mawe. Wiki ya kwanza Persis alimrekebisha mara sita. Mara ya saba alimwambia amwachie, atatafuta njia ya kulifundisha jambo hilo upya kwa darasa zima.

Jumatano ya wiki ya pili, kabla ya saa nne, Bwana Machogu alimwita ofisini. Alikuwa ameketi nyuma ya meza yake, sahani ya mahindi ya kuchemsha mbele yake, akichokoa meno kwa njiti ya kiberiti. Alikuwa katika furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani.

Alimwambia kuwa anakumbuka Persis alitaka mfano wa kosa la "since". Sasa ameupata, wa moto, wala haukutungwa na mtu. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika sentensi moja, akamkabidhi. Iliandikwa: "I am here since Monday."

Persis alicheka. Baadaye, kila alipokumbuka siku ile, jambo la kwanza lililomrudia ni kicheko kile. Hakuuliza sentensi imetoka wapi. Makosa yalikuwa mengi katika kozi ile kama utitiri, na Bwana Machogu alikuwa na faili nzima aliyoyakusanyia.

Alikwenda darasani, akaandika sentensi ile ubaoni, akaomba mtu alione kosa.

Walimu arobaini waliukazia ubao macho. Kisha mmoja akasema kosa ni "since", iwekwe "for". Persis akaandika "I am here for Monday" na kuwaeleza kwamba sasa wameharibu zaidi. Mtu anayesema hivyo amekuja kwa ajili ya Jumatatu, labda anaingojea ifike. Hajasema alifika lini. Mwingine akasema iwe "I was here since Monday". Persis akatikisa kichwa. Neno "was", alisema, linamweka mtu huyo katika wakati uliokwisha, lakini yeye bado yupo. Anayesema haya yuko palepale, hajaondoka.

Hapo akaenda kufunga mlango. Akashusha sauti, akaivunja sheria ya langoni.

"Kwa Kiswahili tunasema 'niko hapa tangu Jumatatu', na hatujakosea," alisema. "Kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, pia ni vivyo hivyo. Ndiyo maana mnateleza. Si kwamba ninyi ni wajinga. Mnatafsiri vizuri lugha ambayo haitaki kutafsiriwa hivyo."

Mabega yalilegea darasani. Watu wakasogea mbele.

Akawachorea ng'ombe aliyefungwa malishoni. Hapa pana kigingi, alisema, na hapa pana kamba. "Since" inataka kigingi, yaani mahali jambo lilipoanzia: Monday, this morning, 1963, Christmas. "For" inataka urefu wa kamba: two days, three years, a long time. Huwezi kupima kamba kwa kigingi, wala kuchimbia kamba ardhini. Kisha akawarudisha kwenye kitendo. Jambo likianza zamani na kuendelea mpaka sasa, Kiingereza hakitosheki na "am". Kinataka kitendo kinachoshika ncha zote mbili, ile ya mwanzo na hii ya sasa. Hicho ni "have been".

Onchiri alikuwa ameinamia daftari lake. Aliinua kichwa polepole, kisha mkono, kisha akasimama wima bila kuitwa.

"I have been here since Monday," alisema.

Persis akamwambia leo ni Jumatano, basi aseme jambo lilelile kwa "for".

Onchiri akahesabu kwa vidole vilivyofichwa nyuma ya koti. "I have been here for two days."

Darasa lilipiga makofi. Onchiri hakuketi. Kama mtu aliyepata ufunguo na kutaka kujaribu milango yote, alisema amekuwa mwalimu tangu 1963, akasema amekuwa mwalimu kwa miaka mitatu, yote kwa Kiingereza kisicho na doa. Persis aliona macho yake yakimetameta, na yeye mwenyewe akahisi furaha ambayo ni mwalimu peke yake anayeijua. Mlango ulifunguka kidogo. Bwana Machogu alikuwa amesimama pale akisikiliza, naye akatingisha kichwa kwa kuridhika na kwenda zake.

Alasiri, masomo yalipokwisha, Persis aliambiwa achape stensili ya makosa ishirini, nakala zake zigawiwe kesho. Bwana Machogu alimwachia faili yake juu ya taipureta na kwenda kunawa. Persis alianza kuchapa. Yalikuwa makosa ya kila namna, yaliyokatwa kwenye insha, kwenye maombi ya ruhusa, kwenye maelezo ya ugonjwa. Alipofika kosa la kumi na nne alikuta si kipande cha insha. Ilikuwa bahasha ndogo ya kahawia, ya zile wanazotilia vidonge hospitalini, iliyochanwa na kukunjuliwa. Sentensi ya asubuhi ilikuwapo, imepigiwa mstari mwekundu. Lakini juu yake kulikuwa na maneno, na chini yake kulikuwa na maneno, kwa penseli iliyokandamizwa sana:

"To Teacher Onchiri. I am here since Monday. Bonareri is in the hospital of Kisii. They want your blood. Come. Nyamusi."

Persis alisoma mara moja tu. Aliiona tena asubuhi yote: ubao, ng'ombe, kigingi, makofi. Aliona mtu amesimama katikati ya darasa akirekebisha kilio cha mkewe, na yeye Persis akimwambia akirudie kwa "for".

Alikwenda ofisini na bahasha mkononi. Bwana Machogu alikuwa amerudi na alikuwa akijipangusa vidole kwa leso, kimoja kimoja. Persis alimuuliza kwa Kiswahili kama aliisoma karatasi hii yote au ule mstari mmoja tu.

Bwana Machogu kwanza alimkumbusha lugha ya ofisi. Kisha, kwa Kiingereza, kwa upole wa mtu anayemfafanulia mtoto, alisema bila shaka aliisoma yote.

"Sentensi zilizofuata hazikuwa na kosa," alisema.

Persis alingoja. Alidhani kuna neno lingine linalokuja. Halikuja. Bwana Machogu aliikunja leso na kuitia mfukoni, akasema ujumbe hugawiwa saa kumi, na kwamba huu ameuacha katika faili kwa bahati mbaya, na kwamba angeutoa kesho bila kukosa. Kwenye kona ya mdomo wake kulikuwa na ganda la hindi, jeupe, lililopanda na kushuka alipokuwa akisema. Persis hakuweza kuondoa macho yake hapo. Hakuwahi kumwona mtu akamchukia mwili mzima namna ile, kuanzia njiti ya meno hadi viatu vilivyong'arishwa. Na alipogeuka kutoka alijua kwamba chuki hiyo haikuishia kwa yule aliyeketi.

Alimkuta Onchiri nyuma ya bweni akifua shati. Alikuwa akinong'ona, na Persis alipokaribia alisikia anachonong'ona. Alikuwa akijifanyia zoezi. Povu lilimfika viwiko.

Persis alimpa bahasha bila salamu. Onchiri alipangusa mikono kwenye suruali, akasoma. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyozoea. Kidole kikafika kwenye mstari mwekundu kikasimama.

"Hii ni ile ya asubuhi," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Hakumuuliza kitu kingine. Aliliacha shati likielea ndani ya beseni, akaondoka akiwa na fulana, kwanza kwa hatua ndefu, kisha mbio. Persis akamfuata, viatu mkononi.

Langoni askari, mzee aitwaye Okemwa, alinyoosha rungu lake kudai kibali. Onchiri alimpita kama upepo unavyopita mti. Persis ndiye aliyesimama kumweleza, na mzee aliposikia neno hospitali aliteremsha rungu. Akasema kuna mfagiaji wa hospitali, jina lake Ombui, aliyepita jana, yaani Jumanne, na karatasi ya mwalimu huyohuyo.

"Ilikuwa kwa lugha yetu ya nyumbani," askari alisema. "Niliipeleka ofisini, nikaambiwa nirudishe, mwenyewe aandike kwa Kizungu. Nilimwambia Ombui hivyo. Mimi sijui kusoma, Mwalimu. Sikujua imesema nini."

Kutoka lango lile hadi hospitali ni mwendo wa nusu saa kwa mguu. Onchiri aliumaliza kwa dakika kumi na tano. Kuanzia Jumatatu mkewe alikuwa nusu saa kutoka alipolala.

Persis alipoingia wodi ya watoto alikuwa akihema, na harufu ilimpokea kabla ya kitu kingine, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na mikojo na uji ulioungua. Watoto walilala wawili wawili. Mama zao walikaa chini, wamejiegemeza kwenye miguu ya vitanda. Nyamusi alikuwa mmoja wao, mwanamke mdogo mwenye mimba ya miezi saba hivi, kitambaa chake cha kichwa amekifungua kumfunikia mtoto. Mtoto, Bonareri, wa miaka minne, alikuwa na malaria iliyoila damu yake. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Alihema upesi upesi, kama kuku aliyekimbizwa.

Nesi alikuwa akimgombeza Onchiri. Alimuuliza ni baba wa namna gani. Alisema tangu Jumatatu wanatafuta damu, mama ana mimba na yeye mwenyewe hana damu ya kutosha, jamaa wako mbali Ikonge, na baba ambaye wanaambiwa yupo hapohapo mjini akisoma haonekani. Onchiri hakujitetea. Alikuwa amenyoosha mkono, mshipa juu, kana kwamba wangemdunga palepale amesimama. Povu la sabuni lilikuwa limemkaukia kwenye ngozi.

Wakamchukua, wakampima, damu ikakubali. Jioni ile chupa ilitundikwa juu ya kitanda cha Bonareri. Alipona, nami ni bora niliseme sasa, nisiwaache mkihofia. Siku ya tatu aliomba ndizi. Siku ya nane alitoka kwa miguu yake. Lakini daktari, kijana mwenye haraka, alimwambia Onchiri kwamba bila damu ile mtoto asingeiona asubuhi nyingine.

Persis alirudi kule juu usiku ukiingia. Hakupeleka chochote kooni. Stensili aliikuta imemalizwa. Bwana Machogu alikuwa amemwita karani, na nakala hamsini zilikuwa zimepangwa mezani, zikinuka wino. Alichukua ya juu akatafuta. Kosa namba kumi na nne lilikuwapo, kati ya mtu aliyesema "discuss about" na mtu aliyeandika "furnitures". "I am here since Monday." Hapakuwa na Bonareri wala Nyamusi. Aliirudisha nakala juu ya nyingine.

Kesho yake alimfuata Bwana Machogu tena, amekwisha kuyapanga maneno yake, kwa Kiingereza, asimpe pa kutokea. Alitaka sentensi ile iondolewe. Alitaka sheria ya ujumbe ibadilishwe, na Onchiri aombwe radhi mbele ya darasa. Bwana Machogu alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza hali ya mtoto. Persis akasema amepewa damu, ameanza kufumbua macho.

"Basi si amepona," alisema Bwana Machogu, na safari hii alilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutuliza, kama mtu anayefuta vumbi mezani.

Akaongeza kwamba somo la jana lilikuwa bora kuliko yote aliyoyasikia katika kozi tatu, naye amekwisha kuliandika hivyo katika taarifa yake kwa afisa wa elimu. Mwalimu Persis ana mbele njema. Asiiharibu kwa hasira.

Ni hapo ndipo Persis aliponyamaza. Angeweza kusema zaidi. Alikuwa na maneno. Lakini ile habari ya taarifa ilimwingia kama maji baridi yanavyoingia kwenye kiatu, na kabla hajajua, alikuwa amefikiria shule ya sekondari kule Nyamira iliyokuwa ikitafuta mwalimu wa Kiingereza. Alifikiria hilo kwa muda mfupi sana, lakini alilifikiria. Akatoka.

Onchiri alirudi Ijumaa. Hakuna aliyemtarajia. Bwana Machogu alikuwa amempa siku moja tu ya ruhusa, na kukosa siku tatu kungemfuta katika kozi. Alikaa mahali pake, uso umebonyea. Nakala ya makosa ishirini ilikuwa ikimngoja juu ya dawati. Persis aliona jambo hilo likija na hakujua namna ya kulizuia mbele ya watu. Onchiri alianza na la kwanza, akashuka moja moja. Alipofika la kumi na nne hakusita. Aliandika jibu kwa hati safi, akaenda la kumi na tano. Persis alilisahihisha daftari lile jioni. Jibu lilikuwa sahihi. Ilimbidi aliwekee alama.

Jumamosi alasiri alikwenda hospitali na mkungu mdogo wa ndizi mbivu alioununua katika soko la Daraja Mbili. Bonareri alikuwa ameegemezwa kwenye mto, akila moja kabla mkungu haujafika chini. Nyamusi alishukuru kwa adabu. Walisemezana Ekegusii, naye hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alisema alifika darasa la nne kabla ya kuolewa. Alisema Kiingereza alikikusanya kwenye vitabu vya mumewe, akimsikiliza jioni akisoma kwa sauti. Karatasi ile ilimchukua usiku mzima wa Jumanne, kwa mwanga wa taa ya nesi.

Persis alianza kuomba radhi. Nyamusi alimkatiza, si kwa ukali.

"Mwalimu, wameniambia karatasi yangu ilikuwa na kosa. Kosa lilikuwa wapi?"

Persis alimweleza. Hakuwa na ubao. Alimweleza kwa maneno machache iwezekanavyo: kwamba "since" na "Monday" vilikuwa mahali pake, kwamba kilichokosea ni neno moja tu dogo, "am", na kwamba ingetakiwa "have been", kwa kuwa alifika Jumatatu na bado alikuwapo. Nyamusi alisikiliza kwa makini kuliko walimu arobaini. Alirudia kwa midomo bila sauti.

Kisha akauliza, "Na ningeandika hivyo, angekuja Jumatano asubuhi?"

Persis alitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na ingelipa jambo zima sura ya haki: mtu alikosea, akaadhibiwa. Lakini mwanamke yule alikuwa amemkazia macho, na mtoto alikuwa ameacha kutafuna.

"La," alisema Persis. "Ungeandika vizuri, mkuu wa kozi asingeitazama mara mbili. Ingekaa ofisini mpaka saa kumi, saa ya kugawa barua."

"Basi hiyo saa kumi angepewa."

"Ndiyo. Angepewa saa kumi."

Nyamusi aliinamisha kichwa, akalipiga hesabu jambo hilo. Aligeuka upande, akatema mate kwenye kitambaa, akakikunja. Haikuwa kwa dharau kwa mgeni wake. Alikuwa ametema kama mtu aliyetafuna kitu kichungu na kukikuta kimebaki ulimini. Persis alitamani naye angeweza.

Wiki ya tatu ikaja, ukaja mtihani, ukaisha. Onchiri alifaulu. Alikuwa wa kumi na mbili kati ya arobaini, na katika karatasi ya sarufi alikuwa wa pili. Siku ya kufunga walipangwa mstari mbele ya ukumbi, koti kwa koti, na Bwana Machogu akapita akigawa vyeti na kushika mikono. Persis alisimama nyuma yake akimpa majina.

Alipoita jina la Onchiri aliinua macho kutoka kwenye orodha. Tangu Ijumaa ile alikuwa ameiwazia saa hii. Alijiambia kwamba mtu yule hatautoa mkono wake. Atakipokea cheti, kwa kuwa ni jasho lake, lakini mkono ataubakiza. Au atasema neno moja, kwa Ekegusii, mbele ya watu wote. Persis aliingojea saa hiyo kwa njaa, kwa sababu mtu mwingine angefanya lile ambalo yeye hakulifanya.

Onchiri alipiga hatua mbele. Alitoa mkono wa kulia, na wa kushoto akauweka chini ya kiwiko, kama wanavyofanya wenye heshima. Alitabasamu. Bwana Machogu akamuuliza kwa sauti, ili wote wasikie, amekuwa mwalimu kwa muda gani.

"I have been a teacher for three years, sir," alisema Onchiri. "Since 1963."

Watu walicheka kwa furaha, na Bwana Machogu alicheka kuliko wote, akampiga bega. Onchiri akapita mbele, na alipomfikia Persis tabasamu lilikuwa bado usoni mwake, limekaa vibaya, kama koti la kuazima. Alisema kwa sauti ya chini, kwa lugha ya nyumbani, "Watoto watatu, Mwalimu. Na mmoja anakuja." Kisha akaenda.

Persis alishika orodha yake. Alikuwa na jina la kuita, na jina la baada ya hilo, na mstari ulikuwa mrefu. Ilipokwisha, Bwana Machogu alimgeukia na kumnyooshea mkono yeye pia, mbele ya afisa wa elimu aliyekuwa amefika na gari lake. Alimtambulisha kuwa ndiye binti aliyefundisha lile somo. Mkono wake ulikuwa na joto na unyevu kidogo. Persis aliushika, akasema asante, kwa Kiingereza safi, na afisa akaandika jina lake katika daftari dogo alilolitoa mfukoni.

Januari alianza kazi katika ile shule ya sekondari kule Nyamira.